Steri ya kuni: unanunua mti au unanunua matobo?

Asubuhi boti zikifika Kalundu kutoka upande wa Fizi, kuni zinashuka pamoja na makala, mihogo na mafuta ya mawese. Nyingi zinauzwa kwa fungu, na fungu halina ubishi mkubwa: mama analiangalia, analiinua, anakubali bei ao anaenda zake. Ubishi unakuja pale mutu anaponunua nyingi kwa mara moja. Mwenye tanuru la matofali kule Kiliba ao Sange, mwenye foro ya mikate, shule inayopikia watoto, mama anayekausha samaki kwa moshi, hao wote hawahesabu mafungu. Hao wanasema steri.

Hapo ndipo utasikia: «Mama, hii iko steri tano kamili, pima weye mwenyewe.» Mnunuzi anapima, anakuta kweli tano. Analipa. Kesho yake anazipanga upya nyumbani, anakuta nne na kidogo. Anarudi na hasira: «Uliniibia!» Muuzaji naye anaapa hakuiba hata kijiti kimoja. Na mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kinachowagombanisha ni kile ambacho hakuna aliyekitaja wakati wa kupatana bei: matobo, yaani nafasi zilizo kati ya kipande kimoja na kingine.

Steri ni nini hasa

Neno hili tulilipata kwa Kifaransa. Ufaransa ililiweka katika sheria yake ya vipimo ya mwaka 1795, ile ile iliyoleta mita na gramu, na tangu mwanzo lilikuwa kipimo cha kuni. Maana yake ni nyepesi: lundo la kuni zilizopangwa, lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Upana ndio urefu wa vipande vyenyewe, kwa sababu vinalazwa vyote kuelekea upande mmoja.

Angalia vizuri: steri inapima lundo, haipimi mti. Ndani ya ile mita moja ya ujazo kuna mti na kuna hewa. Ukiweza kuyeyusha kuni zote kama mafuta na kuzimimina katika sanduku la mita 1 kwa 1 kwa 1, hazitalijaza. Mara nyingi zitafika juu kidogo ya nusu, ao karibu robo tatu kama zimepangwa vizuri sana. Wataalamu wa misitu, wanapotaka hesabu ya haraka bila kuliona lundo, wanachukua 0.65: katika steri moja, mti wenyewe ni kama mita 0.65 za ujazo, na 0.35 ni hewa.

Lakini hiyo 0.65 ni wastani wa malundo mengi. Lundo lako weye linaweza kuwa na 0.70, lingine likawa na 0.50. Ukilipa bei ile ile kwa yote mawili, kwenye lile la pili umelipa hewa.

Matobo yanatoka wapi

Tuanze na kuni za ndoto: vipande vya duara kamili, vimenyooka kama bomba, vyote unene mmoja. Ukivipanga kimoja juu ya kingine sawasawa, kama kreti ya chupa, mti unachukua 78 kwa 100 ya nafasi, hewa 22. Ukivipanga kila kimoja kikae katika bonde la viwili vilivyo chini yake, mti unapanda hadi karibu 91 kwa 100. Kuni ni zile zile, lakini lundo limepungua kimo. Njo maana mpangaji ana nguvu kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Kuna jambo moja hapa linalowashangaza wengi. Katika zile kuni za ndoto, unene haubadilishi kitu. Vijiti vyembamba vilivyonyooka vinaacha matobo madogo lakini mengi; magogo manene yanaacha matobo makubwa lakini machache; jumla inakuwa sawa. Kwa hiyo mutu anayekuambia «hizi ni nene, hazina matobo» hajakuambia kitu bado. Angalia kwanza kama zimenyooka.

Sababu kuni za kweli hazifiki 78, sembuse 91, ni mipindo. Tawi lililopinda kama mundu linaegemea jirani yake kwa ncha mbili tu, katikati linaacha mdomo wazi. Vifundo vya matawi yaliyokatwa vibaya vinainua kipande cha juu kwa sentimita mbili ao tatu, na hiyo sentimita inaenda kwa urefu wote wa kipande. Kipande chenye panda, yaani chenye umbo la Y, ndicho kibaya kuliko vyote. Vijiti vyembamba vinashindwa kwa sababu hii, maana ndivyo vinavyopinda zaidi, na ganda lao ni sehemu kubwa ya unene wao.

Kwa hiyo mikaratusi ya kupandwa, iliyonyooka na kuchujwa matawi vizuri, inaweza kufika 0.70. Kuni za mchanganyiko kutoka milimani, nyingine za matawi na nyingine za shina, zinacheza kwenye 0.60. Matawi matupu ya miti iliyopinda, kama ya mwembe, yanashuka hadi 0.50, na yakipangwa ovyo yanaenda chini ya hapo.

Urefu wa vipande nao una neno lake. Kipande kirefu kina nafasi zaidi ya kupinda. Ukikikata katikati, kila nusu imenyooka kuliko kipande kizima, na zote mbili zinalala karibu karibu. Huko Ufaransa, ambako kuni bado zinauzwa kwa steri, wana hesabu wanayoitumia siku zote: steri 1 ya vipande vya mita 1, ukiikata vipande vya sentimita 50 na kuipanga tena, inakuwa lundo la mita 0.8 za ujazo. Ukiikata kwa sentimita 33, inakuwa 0.7. Hakuna mti uliopotea isipokuwa unga kidogo wa msumeno. Ni hewa iliyotoka.

Sasa rudi kwa mnunuzi wetu wa mwanzo. Alinunua steri tano za vipande vya mita moja, akazikata nusu nyumbani ili ziingie kwenye jiko, akazipanga, akakuta mita nne za ujazo. Tano mara 0.8 ni nne. Hakuibiwa.

Kinyume chake, kupasua kwa shoka mara nyingi kunaongeza lundo. Gogo la duara linalala vizuri. Vipande vyake vilivyopasuliwa vina pembe na nyuso zisizolingana, havirudi kukaa kama vilivyokuwa. Na kuni zilizomwagwa tu kutoka kwa gari bila kupangwa, hizo usizipime kwa steri kabisa. Katika lundo la kumwaga mti unaweza kuwa chini ya nusu, na hakuna anayejua pembeni pa kuweka kipimo.

Kupima lundo lenyewe

Kabla ya kuhesabu matobo, hakikisha ukubwa wa nje ni ule uliotajwa. Chukua mita ya fundi. Kimo usikipime sehemu moja, maana muuzaji atakuonyesha pale palipo juu. Pima kila baada ya mita moja, jumlisha, gawa kwa idadi. Urefu wa vipande pima vipande kumi kutoka sehemu mbalimbali za lundo, si vile vitatu vinavyotokeza. Watu wanasema «mita moja» kwa mazoea, lakini mkataji wa porini anapima kwa hatua yake ao kwa panga, na wastani unaweza kuwa sentimita 90.

Uvira ina jambo lake: mji umebanwa kati ya milima na ziwa, na viwanja vingi vina mteremko. Lundo likiwa kwenye mteremko, watu wanapima urefu kwa kufuata ardhi na kimo kwa kusimamisha fimbo wima. Hapo lundo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Kama kimo umekipima wima, urefu upime kwa kamba iliyolala sawa kama maji ya ndoo, si kwa kufuata mteremko. Kwenye mteremko wa digrii 20 tofauti ni kama 6 kwa 100, na ni hasara ya mnunuzi.

Angalia pia ncha mbili za lundo. Ili kuni zisiporomoke, wapangaji wanajenga nguzo mwanzo na mwisho kwa kulaza vipande msalaba, safu moja hivi na safu inayofuata vile. Ni kazi nzuri, lakini nguzo ya msalaba ina matobo mengi kuliko sehemu ya katikati. Kama lundo ni refu haina shida. Kama lundo ni la mita mbili tu, nguzo mbili zinachukua sehemu kubwa yake, na hapo patana kuzihesabu kwa upungufu ao omba mambo ya kuegemeza badala ya nguzo: miti miwili iliyosimamishwa kila upande inatosha.

Na kuni mbichi zinashuka zinapokauka. Ukizinunua mbichi zikiwa na mita moja kamili, baada ya wiki kadhaa zitakuwa chini ya hapo. Wapimaji wazuri wanaongeza sentimita chache juu ya lundo bichi kwa ajili hiyo.

Kamba ya mafundo

Matobo huwezi kuyapima moja moja. Lakini kuna njia ya wapima misitu ambayo mutu yeyote anaweza kuifanya kwa kamba ya nailoni ya wavuvi.

Funga fundo kila sentimita 10, hadi kamba ifike mita 3 hivi. Paka mafundo makala ao rangi ili yaonekane. Kisha mtu mmoja ashike ncha moja chini ya lundo, mwingine ashike ya pili juu, kamba ipite kwenye uso wa lundo kwa mshazari, pale unapoona vichwa vya vipande. Usiilaze sawa na safu za kuni, maana inaweza kufuata safu moja yote ya mti ao mstari mmoja wote wa matobo, ikakudanganya. Mshazari ndio unaokata kila kitu.

Sasa pita fundo kwa fundo. Fundo likiwa mbele ya kichwa cha mti, sema «mti». Likiwa mbele ya giza, sema «tobo». Likiwa mpakani kabisa, hesabu nusu. Ukimaliza, hamisha kamba mahali pengine, rudia. Mafundo yaliyoangukia mti, ukiyagawa kwa mafundo yote, yanakupa sehemu ya mti katika lundo. Mafundo 100, 62 juu ya mti: lundo lako lina 0.62.

Inafanya kazi kwa sababu ukirusha alama nyingi bila kuchagua, zitaangukia mti na hewa kwa kadiri ya nafasi ambayo kila kimoja kinachukua. Lakini lazima ziwe nyingi. Mafundo 20 hayatoshi, yanaweza kukuambia 0.50 hapa na 0.75 pale kwenye lundo lile lile. Fikisha 100 angalau, na hata hapo usigombee pointi moja ao mbili. Kipimo chako kinaweza kukosea pointi tano hivi juu ao chini.

Mambo mawili yanaiharibu njia hii. La kwanza ni mbele na nyuma. Kila kipande kina upande mnene, wa shina, na upande mwembamba, wa juu. Mpangaji mjanja anageuza pande zote nene zimuangalie mnunuzi. Mbele lundo linaonekana limejaa kama ukuta, nyuma ni kimia. Dawa yake ni kuhesabu pande zote mbili na kuchukua wastani. Kama lundo limeegemezwa ukutani na huwezi kufika nyuma, hiyo yenyewe ni habari.

La pili ni katikati. Kamba inaona uso tu. Kama ndani kuna vipande vifupi ambavyo havifiki upande wa pili, kuna pango ambalo hutaliona. Chukua fimbo nyembamba iliyonyooka, ipenyeze kwenye matobo kadhaa. Katika lundo zuri fimbo inafuata mti, inagusa huku na huku. Ikifika katikati ikaanza kucheza kama kijiko ndani ya sufuria tupu, omba kuni zishushwe hapo.

Hesabu moja tuifanye pamoja

Tuseme mama anayekausha samaki ana malundo mawili mbele yake. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu, maana bei ya kuni inabadilika na mvua, na barabara, na mafuta ya boti.

Lundo la kwanza ni matawi ya mchanganyiko. Muuzaji anasema steri 6, kila moja dolari 15, jumla 90. La pili ni mikaratusi iliyonyooka, steri 5, kila moja dolari 20, jumla 100. Wengi watakimbilia la kwanza: steri nyingi, pesa kidogo.

Mama anapima. Lundo la kwanza lina urefu wa mita 6 kweli. Kimo alichopima sehemu tano ni 1.05, 0.98, 0.92, 0.90 na 0.95, wastani 0.96. Vipande kumi vina wastani wa mita 0.94. Sita mara 0.96 mara 0.94 ni 5.4. Si steri 6, ni 5.4. Kamba ya mafundo, mbele na nyuma, inampa mafundo 120, kati yao 66 juu ya mti. 66 gawa kwa 120 ni 0.55. Mti wenyewe: 5.4 mara 0.55, karibu mita 3 za ujazo.

Lundo la pili limetimia, mita 5 kwa 1 kwa 1. Mafundo 120, mti 84, yaani 0.70. Mti wenyewe: mita 3.5 za ujazo.

Sasa gawa bei. Kwenye la kwanza, dolari 90 kwa mita 3 ni dolari 30 kwa kila mita ya mti. Kwenye la pili, dolari 100 kwa 3.5 ni kama dolari 28 na nusu. Ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Lakini hesabu haijaisha, na hapa muuzaji wa kwanza naye apewe haki yake. Akikubali kulipwa steri 5.4 zilizopo badala ya 6, bei yake inashuka hadi dolari 81, na kila mita ya mti inakuwa dolari 27. Sasa yeye ndiye rahisi. Matobo yake alikuwa ameshayahesabu ndani ya bei ya dolari 15. Kilichomharibia ni kimo kilichopungua na vipande vifupi. Mama akimgombeza kwa ajili ya matobo atakuwa amekosea mlango. Amwambie tu: «Baba, hapa hakuna sita. Iko tano na nusu kasoro. Nakulipa hizo.»

Kamba haioni maji wala aina ya mti

Mita moja ya mti si sawa na mita nyingine moto ukiwaka. Mkaratusi uliokatwa juzi umejaa maji. Mita moja yake inaweza kupita kilo elfu moja, na sehemu ya moto wako itatumika kuyachemsha hayo maji kwanza. Ukikauka vizuri kwa hewa, ile ile inashuka hadi kilo 700 hivi. Gonga vipande viwili: vikavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa sauti ya kufa. Angalia vichwa: nyufa zinazotoka katikati kama jua ni dalili ya kukauka. Ganda lisilobanduka bado lina maji.

Na miti migumu ya milimani, hata ikiwa imepinda na kujaa matobo, inaweza kuwa mizito kwa kila mita kuliko mkaratusi uliokua haraka, na makaa yake yanakaa muda mrefu. Kwa foro ya mikate hilo lina bei. Kwa samaki, anayetaka moshi wa polepole ataangalia aina ya mti kuliko kitu kingine. Kwa tanuru la matofali, linalotaka moto mkubwa wa siku nzima na usiku, kuni zilizonyooka zinaingia mdomoni mwa tanuru bila kukwama, na hilo nalo mwenye tanuru anajua thamani yake.

Kwa wale wanaonunua kila mwezi kwa muuzaji yule yule, kama shule na wenye foro, ni rahisi zaidi kupatana mara moja: urefu wa vipande, ukavu, na sehemu ya mti, kwa mfano 0.60. Lundo likileta 0.65, mnunuzi anaongeza, likileta 0.55, anapunguza. Kwa lundo la steri 5 kwa dolari 20 lililokubaliwa kwa 0.60, mti unaotarajiwa ni mita 3. Kamba ikionyesha 0.54, kuna mita 2.7, na malipo yanakuwa dolari 90 badala ya 100. Kamba yenyewe ikae kwa muuzaji, mafundo yake yakiwa yamehesabiwa mbele ya wote wawili.